Wimbo wa mlangoni: kumkaribisha mtu bila kumvuta shati

Wimbo wa kukaribisha wageni ni mfupi kuliko nyimbo zote ninazofundisha kwenye kwaya, na ndio ulionisumbua kuliko zote. Wimbo wa ibada una muda wake. Watu wameketi, wametulia, na wana beti nne za kufika pale unapotaka wafike. Wa mlangoni hauna muda huo. Mtu anatoka nje, anapanda ngazi, anapewa mkono, anaingia. Katika mwendo wa kawaida, anachosikia ni mistari miwili tu, nayo si lazima iwe ya mwanzo. Wimbo unazunguka, kwa hiyo anaweza kuanzia katikati ya mstari wa tatu na kumalizia kwenye wa kwanza.

Nilipoombwa na wazee wa kanisa nitunge wimbo huo, tayari kulikuwa na maneno mezani. Kamati ilikuwa imeyaandika kwa moyo mweupe, na ninayaweka hapa kwa sababu karibu kila kanisa nililowahi kuimba lina maneno yanayofanana nayo:

Karibuni wageni wetu, kanisani kwetu,
Hapa pana baraka tele, hutajuta kamwe,
Jiunge nasi leo hii, usikose tena,
Familia yako mpya inakungoja wewe.

Hakuna neno baya humo. Lakini niliposimama nje ya lango na kuyasikiliza kama mtu anayepita, nilisikia sauti ya muuza bidhaa. Nilitaka kujua inatoka wapi, maana waliokuwa wakiimba si wauzaji, ni mama na vijana wanaompenda Mungu. Kwa hiyo nikachukua kila mstari nikausema bila tuni, uso kwa uso, kwa shemasi mmoja ambaye kazi yake ni kusimama mlangoni kila Jumapili. Nikamtazama machoni nikamwambia, "Hutajuta kamwe." Akacheka, kisha akasema, "Mwalimu, hayo siwezi kumwambia mtu hata nikilipwa."

Tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo changu cha kwanza. Tuni hufunika mengi. Maneno ambayo mtu mzima angeona haya kumwambia mwenzake mkono kwa mkono hupita kirahisi yakipewa sauti nne. Ukitaka kujua kama mstari ni wa ukarimu au wa biashara, uvue tuni, umpe mkaribishaji ausemee mtu asiyemjua. Kinywa kikisita, mstari huo uondoke.

Kipimo cha pili kilitoka kwenye Biblia. Katika Mwanzo 18, Ibrahimu anawaona watu watatu karibu na hema lake wakati wa hari ya mchana. Anapiga mbio kuwalaki, anawaletea maji ya kunawa miguu, anawaonyesha kivuli cha mti wapumzike, anawaahidi chakula. Halafu, katika aya ya 5, anawaambia kwamba wakishaburudika waendelee na safari yao. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi bila kuisimamia aya hiyo. Mwenyeji anatoa kila kitu, na papo hapo anamwachia mgeni njia ya kuondoka. Hajawauliza wanatoka wapi, wala hajawaomba warudi.

Nikarudi kwenye mistari ya kamati na swali moja: mstari huu utakuwa na faida gani kwa mtu ambaye hatarudi tena? Wapo wengi wa namna hiyo mlangoni. Yupo aliyekuja kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa rafiki, yupo msafiri, yupo aliyefiwa juzi na hakutaka kukaa nyumbani peke yake. "Jiunge nasi leo hii" haimpi mtu huyo chochote, inamdai. "Usikose tena" inamhesabia deni kabla hajakaa. "Familia yako mpya inakungoja" ni nzito zaidi, kwa sababu huenda ana familia yake, na huenda ni hiyo hiyo iliyomuumiza. Kumwita mtu wa kwetu kabla hajasema neno lolote ni kumchukulia uamuzi ambao ni wake.

Kulikuwa pia na neno "wageni". Mzee mmoja wa kanisa alilitetea sana. "Mwalimu, ni wimbo wa wageni, utaacheje kuwataja?" Nilimwambia, "Mzee wangu, mlango ni mmoja. Anapita mgeni, anapita na mama aliyesali hapa tangu ujana wake. Tukiimba 'wageni' mmoja atajiona ameonyeshwa kidole, mwingine atajiona hakuhesabiwa." Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Basi mgeni atajuaje kwamba anaimbiwa yeye?" Atajua kwa sababu ndiye anayepita. Wimbo unaomsemesha mtu mmoja kwa "wewe" humfikia kila anayepita, na mkaribishaji haimbidi abahatishe nani mpya nani wa zamani.

Jambo hili la "wewe" lilinirahisishia kazi ya muziki pia, na hapa ndipo ningependa watungaji wenzangu watulie. Katika Kiswahili mkazo wa neno hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ka-RI-bu. Ukiongeza "ni" ya wingi, mkazo unahama: ka-ri-BU-ni. Kwa hiyo tuni uliyoitunga kwa "karibu", yenye pigo zito kwenye RI, itaharibika mara tu waimbaji watakapoona kundi linaingia na wakaamua wenyewe kuimba "karibuni". Pigo zito litabaki kwenye RI, ulimi utavuta kuelekea BU, na silabi ya nne haitakuwa na noti. Utasikia vurugu ndogo, kila sauti ikienda na yake. Chagua moja, uifuate mpaka mwisho. Mimi nilichagua "karibu" ya mtu mmoja.

Haya ndiyo maneno tuliyofikia:

Karibu, pita, mlango wazi;
Karibu, keti, nafasi ipo.
Amani kwako ya Mungu Baba,
Uingiapo na utokapo.

Kila mstari una mizani kumi, tano kwa tano. Ukiusoma kwa sauti utaona kwamba katika mistari mitatu ya kwanza mkazo unaangukia mahali pale pale: ka-RI-bu PI-ta, m-LA-ngo WA-zi, a-MA-ni KWA-ko, ya MU-ngu BA-ba. Dhaifu, zito, dhaifu, zito, dhaifu. Mwimbaji aliyefika amechelewa, hata ambaye hajahudhuria mazoezi, anaushika baada ya kuusikia ukizunguka mara moja, kwa sababu tuni inatembea kama maneno yanavyotembea mdomoni. Mstari wa nne ndio wenye tofauti: katika "uingiapo" mkazo mkuu uko kwenye A peke yake, na pigo zito la kwanza linaangukia "i" isiyo na uzito. Niliuacha hivyo, ila nikaiweka silabi hiyo kwenye noti ya chini na kuwaambia waimbaji waipite kwa wepesi. Ukiipiga kwa nguvu utasikia neno limekatika vipande viwili.

Mstari huo ulitoka kwenye Zaburi 121, aya ya 8, inayosema Bwana atakulinda utokapo na uingiapo. Zaburi hiyo ni mojawapo ya zile kumi na tano, 120 hadi 134, zinazoitwa nyimbo za kupanda, ambazo kwa kawaida huelezwa kuwa ziliimbwa na watu wakielekea Yerusalemu kwenye sikukuu. Nilifarijika kukuta kwamba kutoka kumetajwa humo pamoja na kuingia. Mgeni anayeimbiwa kwamba amani itakuwa naye hata akitoka anajua mlango huo unafunguka pande zote mbili.

Angalia pia "mlango". Ile "m" ya mwanzo ni silabi kamili, nayo inahitaji noti yake. Mtungaji asiyeipa noti atawasikia waimbaji wakiimba "mulango" ili wapate pa kushika, au wakiimeza kabisa. Nimeipa noti fupi kabla ya pigo zito, pale pale "ka" ya "karibu" inapokaa kwenye nusu ya kwanza ya mstari, na midomo inafungwa kwa urahisi. Kwa sol-fa mstari wa kwanza ni d m r m d, kisha m s m r d. Noti ya kwanza ya kila nusu ni fupi, na ya mwisho ya mstari inashikwa ili watu wavute pumzi. Wimbo mzima unatoka d mpaka l, na hiyo l inaguswa mara moja tu, kwenye "Mungu". Tunaanzia F.

Sababu ya kubana hivyo ni mahali penyewe. Mlangoni waimbaji hawajapasha sauti moto, ni asubuhi, wamesimama penye upepo, na hakuna kinanda cha kuwashikia ufunguo. Ukiwapa tuni inayopanda mpaka d ya juu, baada ya mizunguko michache sauti ya kwanza itaanza kupiga kelele, na ufunguo utashuka kidogo kidogo bila mtu kugundua. Dalili yake ni besi: ukiona wanaanza kunong'ona kwa sababu noti zao zimekwenda chini mno, ujue wimbo umeshuka. Simamisha, toa d upya, anza tena.

Mwendo tulioupata ni kama mapigo 84 kwa dakika, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kwa mwendo huo mstari mmoja wa mapigo nane unachukua karibu sekunde sita, na mistari yote minne sekunde 23 hivi. Ndiyo maana nilihakikisha kila mistari miwili inayofuatana inajitosheleza. Anayesikia wa pili na wa tatu amepata kiti na amani. Anayesikia wa nne na wa kwanza amepata mlango wa kuingilia na kutokea. Hakuna ujumbe uliofichwa ubeti wa tatu. Mwendo wa kasi zaidi, wenye makofi na vigelegele, unafaa ndani wakati wa sifa. Mlangoni unamwambia aliyefiwa kwamba huzuni yake haina nafasi hapa, na kwa sababu hiyo hiyo maneno yetu hayamwamuru mtu afurahi wala atabasamu.

Tulipoanza kuutumia, mama shemasi mmoja alinivuta pembeni. "Mwalimu, tunaimba 'nafasi ipo', na viti vya nyuma vimejaa vyote. Wanaofika wanapelekwa mbele kabisa, wanatazamwa na kanisa zima." Alikuwa anasema kweli, na neno lake lilibadilisha kanisa kuliko lilivyobadilisha wimbo. Niliona njia mbili: kufuta mstari, au kuufanya uwe kweli. Baraza la wazee likakubali benchi mbili za nyuma, zile za karibu na njia, ziachwe wazi mpaka mahubiri yaanze. Watu waliozoea kuketi hapo walinung'unika kidogo, kisha wakasogea. Vivyo hivyo kwa "mlango wazi". Mlango wetu una mbao mbili, na kwa mazoea ulikuwa ukifunguliwa ubao mmoja tu, mtu anapenya kwa ubavu. Sasa zinafunguliwa zote mbili, na wimbo ukianza bado hazijafunguliwa kuna mtoto atakimbia kuzifungua. Mstari wenye ahadi unapaswa kuwafunga wenyeji. Ukiona ahadi ambayo kanisa haliwezi kuitimiza Jumapili ile ile, kama "baraka tele" ambazo si zetu kuzigawa, mwachie Mungu aitoe mwenyewe ndani ya ibada.

Namna ya kuimba ina uzito sawa na maneno. Tunatosha watu watano au sita, tumesimama upande mmoja wa njia, si pande zote mbili. Tukipanga mistari miwili mgeni anapita katikati ya macho kama anayekaguliwa. Tunaimba kwa sauti ambayo mkaribishaji anaweza kuzungumza juu yake bila kupaza. Akinyoosha mkono na kusema "Karibu sana, dada", dada huyo anamsikia yeye kwanza, nasi tuko nyuma ya salamu hiyo. Wimbo haukatiki mtu akifika wala hauanzi kwa sababu amefika. Unazunguka tu, kuanzia robo saa kabla ya ibada. Kwaya inayonyamaza, kisha ikalipuka mtu anapokanyaga ngazi, inamfanya atamani kugeuka.

Kanuni hii ya kutobadilika niliitilia mkazo baada ya kuona jambo lililoniuma katika kanisa moja nililotembelea. Gari zuri liliingia, akashuka mtu mwenye cheo, na kwaya ya mlangoni ikapaza sauti, teno ikaongeza mapambo, watu wakapiga makofi. Nyuma yake kulikuwa na mwanamke amebeba mtoto mgongoni, viatu vyake vina vumbi. Alipofika mlangoni waimbaji walikuwa wanafuta jasho. Alipita kwenye ukimya. Hakuna aliyekusudia kumdharau, walikuwa wamechoka tu, lakini Yakobo 2 inazungumzia jambo hili hili, mtu mwenye pete ya dhahabu akipewa kiti kizuri na maskini akiambiwa asimame. Ndiyo sababu nimewaambia waimbaji wangu: sauti ni ile ile, mwendo ni ule ule, mapambo hakuna. Mtu akichoka anatoka kimya kimya na mwingine anaingia mahali pake, wimbo unaendelea.

Washiriki wapya ni habari nyingine, na kosa la nyimbo nyingi ni kuwachanganya na wageni. Mshiriki mpya amekwisha kusema ndiyo. Amefundishwa, jina lake limeandikwa, amesimama mbele ya usharika. Kumwimbia "pita, keti" ni kumrudisha mlangoni. Yeye anaweza kudaiwa, na anastahili kudaiwa, kwa sharti kwamba sisi nasi tudaiwe naye. Kwa tuni ile ile nikaandika ubeti unaoimbwa ndani peke yake, na usharika mzima umesimama:

Karibu, ndugu, tushike kazi;
Mzigo wako ni wetu sote,
Na wetu pia utaubeba
Mpaka Bwana atuitapo.

Mstari wa pili na wa tatu ni Wagalatia 6:2, mchukuliane mizigo. Nilihakikisha ahadi yetu inatangulia na kazi yake inafuata. Ukiigeuza, ukaanza na "utaubeba", inakuwa orodha ya majukumu. Hapa "wetu" na "sote" zimepata mahali pake, ilhali katika ubeti wa mlangoni hakuna "sisi" hata moja. Nilikuwa nimewahi kufikiria "ya Mungu wetu" katika mstari wa tatu kule mlangoni, mizani inakubali kabisa, lakini "wetu" ile inachora mstari na kumwacha mtu upande wa pili. "Mungu Baba" haimwachi nje.

Mzee yule aliyetetea "wageni" aliupenda sana ubeti huu wa ndani, akaomba uimbwe mlangoni pia ili watu waone mapema kwamba kanisa lina upendo. Nilimkatalia kwa heshima. Mtu anayepita kwa mara ya kwanza akisikia "mzigo wetu utaubeba" ana haki ya kushtuka. Tukakubaliana kwamba ubeti wa ndani usitoke nje, na kwamba ratiba ya ibada, namba za simu na vikundi vya wiki, ambavyo navyo vilipendekezwa viingie kwenye wimbo, vibaki kwenye ubao wa matangazo. Anayetaka atasoma mwenyewe.

Ibada ikiisha waimbaji wale wale wanarudi mlangoni, safari hii kwa upande wa ndani. Wanaimba mstari wa tatu na wa nne tu, wakianza kwa mpangilio ule ule lakini taratibu zaidi. Sauti ya kwanza inashika tuni, alto inakaa chini yake, teno na besi wanatoa mlio wa midomo iliyofungwa. Wakaribishaji hawashiki daftari la majina. Daftari liko mezani pembeni, na kalamu juu yake, kwa atakayependa kuandika.